Chakula cha shuleni nchini Kenya: jinsi jina la tatizo linavyoamua sera yote

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uongozi wa umma, na kwetu ni Kitui. Tumefundishwa mzunguko wa sera kama hatua zinazofuatana: ajenda, uundaji, uamuzi, utekelezaji, tathmini. Nimepewa kazi ya kuchambua mpango wa taifa wa chakula shuleni kwa kutumia hatua hizo, lakini kila nikianza kuandika hatua zinaingiliana. Nianzie wapi, na tathmini ya mpango kama huu hufanywaje hasa?

Jibu: Hatua zinakuingilia kwa sababu katika maisha ya serikali ndivyo zilivyo. Mzunguko wa sera ni mpangilio wa maswali, wala hakuna wizara iliyowahi kumaliza hatua moja, ikafunga faili, kisha ikafungua nyingine. Ukiutumia kama kalenda utakwama kwenye ukurasa wa pili. Nakushauri ushike uzi mmoja tu na kuufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, nao ni huu: tatizo lilipewa jina gani siku lilipoingia kwenye ajenda? Jina hilo ndilo huchagua chombo cha kulitatua, chombo huchagua ofisi ya kukisimamia, na ofisi huchagua kitu cha kuhesabu. Tathmini nyingi za chakula cha shuleni huonekana kupingana kwa sababu kila moja inajibu jina tofauti la tatizo lile lile.

Kenya inakufaa kama mfano kwa kuwa imepitia njia hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alitangaza maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yale ambayo wazazi wako wanayakumbuka kama maziwa ya Nyayo, pakiti ya mililita 200. Hapo ajenda na uamuzi vilikuwa tukio moja, na uundaji wa sera ukaja nyuma ukikimbilia tangazo: maziwa yatatoka wapi, yatafikaje Turkana bila kuharibika, na fungu lake litasimama wapi katika bajeti kila mwaka. Mpango ulidumu miaka mingi, ukazorota, na katika miaka ya 1990 ukafa. Mwaka 1980 Serikali ilianza pia kushirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kulisha watoto wa maeneo kame. Mpango huu wa pili ulikuwa na jina jembamba zaidi la tatizo, yaani njaa ya mchana katika maeneo ambako mtoto hakai darasani kwa kuwa hajala, na labda ndiyo sababu uliishi kwa muda mrefu zaidi. Ulijua ni watoto gani unawalenga na ulijua siku ambayo haukuwalisha.

Sasa tazama jinsi suala lilivyorudi mezani. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na chakula kikawa suala la kuwabakisha watoto waliokwisha kuandikishwa. Mwaka huo huo viongozi wa Afrika, kupitia NEPAD, mpango wao wa pamoja wa maendeleo ya bara, walikubali wazo la kulisha shule kwa mazao ya wakulima wa nchi husika. Bei za vyakula duniani zikapanda mwaka 2008, nchi ikatoka kwenye ghasia za uchaguzi zilizowahamisha wakulima wa Bonde la Ufa kutoka mashambani mwao, na Januari 2009 Rais Mwai Kibaki akatangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo peke yake lingetosha. Tatizo lilikuwapo siku zote, na wazo la kununua mazao ya nyumbani lilikuwa limeandikwa miaka sita kabla. Kilichobadilika ni kwamba tatizo, wazo lililo tayari na nia ya wanasiasa vilikutana katika mwaka mmoja. Mwaka 2009 Serikali ikaanzisha mpango wake wa chakula cha shuleni kinachotokana na mazao ya nyumbani, ikachukua takriban watoto 540,000 waliokuwa wakilishwa na WFP katika maeneo ya nusu kame, Ukambani ikiwamo. WFP ikabaki na maeneo kame zaidi, kisha ikaendelea kuikabidhi Serikali watoto wengine hatua kwa hatua hadi ilipokamilisha makabidhiano mwaka 2018.

Katika sehemu ya ajenda, basi, andika majina ya tatizo jinsi yalivyoongezeka. Lilianza kama njaa ya mchana, likawa mahudhurio, likawa lishe, na mwaka 2009 likawa pia soko la mkulima mdogo. Sufuria ni moja, nayo inadaiwa malengo manne. Kwa maoni yangu jambo hili ni kosa la kisiasa linaloeleweka, maana kila lengo huleta wizara yake na wafadhili wake mezani, lakini deni lake hulipwa kwenye hatua zinazofuata.

Uundaji wa sera ndipo malengo hayo yanapolazimika kugeuzwa kuwa gramu, shilingi na mtu wa kutia sahihi. Chukua mgao uliotumika kwa muda mrefu katika mpango huu: kila mtoto kwa siku gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharage au jamii yake, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi. Ni githeri ya mchana, takriban kilokalori 700, yaani kama theluthi moja ya mahitaji ya siku ya mtoto wa shule ya msingi. Kwa jina la njaa ya mchana mgao huu unatosha kabisa. Kwa jina la lishe hautoshi, kwa kuwa hauna mboga, matunda wala kitoweo cha mnyama. Utafiti uliofanyika Embu mwishoni mwa miaka ya 1990 uliwapa watoto wa shule githeri, kundi moja likiongezewa nyama, jingine maziwa na jingine mafuta, na waliopata nyama walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kufikiri. Nyama kwa mamia ya maelfu ya watoto haiwezekani kwa bajeti iliyopo, na hilo si fumbo kwa mtu yeyote. Lakini mpango ukiahidi lishe katika kurasa za mbele na kuweka mahindi na maharage kwenye kiambatisho, mtathmini ana haki ya kuuliza ahadi hiyo ilikusudiwa kutimizwa na nini.

Kiini cha muundo wa mwaka 2009 kilikuwa mahali pa kununulia. WFP ilikuwa ikileta chakula chenyewe kwa malori. Serikali ilichagua kutuma pesa kwenye akaunti ya kila shule, kamati ya chakula ya shule itangaze zabuni, nayo inunue karibu. Chaguo hili lilitokana moja kwa moja na jina la nne la tatizo, soko la mkulima, na lilihamisha kazi ya ununuzi kutoka kwa watu wachache wenye maghala na mizani hadi kwa maelfu ya walimu wakuu na wazazi. Uamuzi wenyewe, ile hatua ambayo vitabu huionyesha kama saini, ulifanyika kwa kweli mahali pawili: katika hati ya mpango na katika fungu la bajeti. Ukitaka kujua uamuzi uliofanywa, soma fungu, kwa sababu hati inaweza kutaja watoto wote wa maeneo kame huku fungu likitosha sehemu yao tu.

Ili uone mzigo uliohamishwa, tufanye hesabu ya shule moja ya kubuni iliyokuwa chini ya mfumo huo wa kutuma pesa, yenye wanafunzi 400 na muhula wa wiki 12, yaani siku 60 za masomo. Kwa siku inahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharage. Kwa muhula hiyo ni kilo 3,600 za mahindi, magunia 40 ya kilo 90, pamoja na karibu magunia 11 ya maharage. Tuchukulie Serikali inatoa shilingi 10 kwa mtoto kwa siku, jumla shilingi 240,000 kwa muhula. Mahindi yakiuzwa shilingi 30 kwa kilo, mgao wa mtoto mmoja hugharimu shilingi 4.50. Maharage kwa shilingi 80 kwa kilo yanaongeza shilingi 3.20, mafuta shilingi moja, chumvi senti kumi. Jumla ni shilingi 8.80, na kinachobaki kinalipia usafiri. Mpango unakwenda.

Mwaka wa ukame mahindi yanafika shilingi 50 kwa kilo. Hata tukiacha bei za vitu vingine zilivyo, mgao sasa ni shilingi 11.80, na pesa ni zile zile kwa kuwa kiwango kilipangwa miezi mingi kabla. Shilingi 240,000 sasa zinalisha watoto 400 kwa siku 50 na si 60. Mwalimu mkuu ana njia tatu. Anaweza kupika mgao kamili na kufunga jiko wiki mbili kabla ya muhula kwisha. Anaweza kupika siku zote 60 lakini apunguze mahindi kutoka gramu 150 hadi gramu 114, watoto wakapata sahani isiyojaa. Au anaweza kulisha madarasa ya chini tu. Waraka haukumwambia achague ipi, naye huchagua kulingana na wazazi wanavyomshinikiza. Hapo mwalimu mkuu anaunda sera, ingawa hajui na hakuna anayemhesabu kuwa miongoni mwa waundaji. Ndiyo maana nakwambia usiweke ukuta kati ya uundaji na utekelezaji katika insha yako: swali ambalo waundaji hawakulijibu Nairobi halikutoweka, lilijibiwa jikoni, tena kwa majibu tofauti katika kila shule. Na angalia ubaya wa mfumo wa kiwango kisichobadilika: thamani yake hushuka katika mwaka ule ule ambao njaa imeongezeka.

Kalenda huleta tatizo la pili. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, mwaka wa shule huanza Januari. Ukambani mvua za vuli ndizo tegemeo, na mavuno yake huja Februari na Machi, wakati mahindi yanapokuwa rahisi. Shule yenye pesa mkononi wakati huo hununua vizuri. Lakini pesa zilitoka Hazina ya Taifa kwa awamu, kulingana na makusanyo ya kodi na madai mengine, na mwalimu mkuu hakujua siku zitakapofika. Tuseme kwa shule yetu zimefika mwanzoni mwa wiki ya tano. Siku 20 zimekwisha kupita bila chakula. Kamati inatangaza zabuni na kununua chakula cha siku 60 kwa kuwa ndicho kilichoidhinishwa, muhula unafungwa ikiwa imepika siku 40, na mahindi ya siku 20, kilo 1,200, yanabaki stoo likizo nzima ya Aprili, katikati ya mvua za masika. Kwenye taarifa ya wizara shule hii itaonekana imepokea pesa zote na kununua chakula chote. Kwenye tumbo la mtoto theluthi moja ya muhula haipo.

Mahindi hayo ya stoo yana hatari yake, na Ukambani hatari hiyo si ya kinadharia. Mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu, yaani aflatoksini, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani uliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, kwa kula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Mlo wa shuleni ulioamuliwa kununuliwa karibu unahitaji, kwa hiyo, kipima unyevu karibu, mbao za kuinulia magunia kutoka sakafuni, na mtu mwenye mamlaka ya kukataa mzigo. Mpango uliotaja mkulima mdogo kwenye lengo bila kuweka kifaa hicho kwenye bajeti umeacha shimo katika uundaji, na hakuna bidii ya kamati inayoweza kulifukia, kwa sababu sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemshwa.

Na mkulima mdogo mwenyewe je? Zabuni ya shule ilidai magunia 40 kwa mkupuo, hati za usajili na za kodi, na uvumilivu wa kungoja malipo. Mwenye ekari mbili ana magunia machache, na anazihitaji pesa zake kabla ya ada ya mwanawe kudaiwa. Mfanyabiashara wa mjini ana hati zote na mtaji wa kusubiri, kwa hiyo ndiye hushinda, na pengine mahindi anayoleta yametoka wilaya nyingine kabisa. Sheria haikuvunjwa na hakuna aliyekula rushwa. Lengo la soko la mkulima limeshindwa na kanuni za ununuzi ambazo zilitungwa kulinda pesa za umma. Hili ni jambo unaloweza kulipima kirahisi: chukua orodha ya washindi wa zabuni, uulize kila mmoja alinunua wapi.

Kuna gharama ambazo bajeti haizitaji. Kuni, maji na ujira wa mpishi mara nyingi huachiwa wazazi. Kwa hiyo chakula cha bure huwa na bei, na familia isiyoweza kutoa mzigo wa kuni ndiyo ile ile ambayo mpango ulianzishwa kwa ajili yake. Ukifika shuleni, uliza nini humpata mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia. Majibu ya waziwazi utayapata kwa mpishi kuliko kwa mwenyekiti wa kamati. Uliza pia kuhusu watoto wa chekechea. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti elimu ya awali na kuiacha elimu ya msingi mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, lakini watoto wa miaka minne wanasoma katika ua ule ule na wanaisikia harufu ya githeri ile ile. Mgao uliohesabiwa kwa wanafunzi 400 wa shule ya msingi hugawanywa nao, nani atamfukuza mtoto mdogo? Basi gramu 150 zinapungua kwa huruma, bila taarifa.

Kabla hatujafika kwenye tathmini, tenganisha nayo ufuatiliaji. Ufuatiliaji huuliza kama kilichopangwa kinafanyika. Tathmini huuliza kama kilichofanyika kimebadilisha kitu. Kwa ufuatiliaji unahitaji vitabu vitatu vya shule: rejista ya mahudhurio, kitabu cha jikoni kinachoonyesha waliokula, na leja ya stoo. Vilinganishe siku kwa siku. Ikiwa wanafunzi 340 kati ya 400 walihudhuria, stoo ilipaswa kutoa kilo 51 za mahindi. Ikiwa leja inasema 60, kilo 9 zina maelezo yake, na si lazima yawe wizi, kwani chekechea wanaweza kuwa ndani yake. Kinachonitia shaka zaidi ni leja inayosema 60 kila siku bila kubadilika, siku ya soko na siku ya mvua, kwa wino mmoja. Kitabu cha namna hiyo kilijazwa kwa kikao kimoja. Na kwa kuwa mgao wa pesa ulitegemea idadi ya walioandikishwa, usiamini idadi hiyo kabla ya kuhesabu vichwa darasani mwenyewe.

Takwimu moja ninayoithamini kuliko zote ni sehemu ya siku za masomo ambazo jiko liliwaka. Shule yetu iliyopika siku 40 kati ya 60 ina theluthi mbili. Ukikosa takwimu hiyo usiende mbele kwenye tathmini, maana utahukumu chakula kuwa hakina faida kumbe hakikupikwa.

Baada ya makabidhiano ya 2018 Serikali iliacha kutuma pesa shuleni na kurudia kununua chakula kwa wingi na kukipeleka, na uratibu baadaye ukaenda kwa Baraza la Taifa la Elimu kwa Jamii za Kuhamahama, NACONEK. Wanafunzi wengi huandika hapa kwamba mpango "ulirudi nyuma". Mimi ningeandika kwamba chombo kilibadilishwa huku jina la tatizo likiachwa kama lilivyo. Ununuzi wa pamoja hupunguza mzigo wa mwalimu na hurahisisha upimaji wa sumukuvu, lakini humweka mkulima wa Mwingi mbali zaidi na zabuni, na lori lililochelewa sasa huchelewesha shule nyingi kwa wakati mmoja. Ukitaka kuona mzunguko mdogo ndani ya mzunguko mkubwa, ni huo.

Sasa tathmini yenyewe. Kishawishi cha kwanza ni kulinganisha shule zenye chakula na zisizo nacho. Usifanye hivyo bila tahadhari, kwa sababu shule zilichaguliwa kwa kuwa ziko mahali pakame na maskini. Zikionekana kufanya vibaya kuliko nyingine, chakula hakikusababisha. Hata yale makabidhiano ya hatua kwa hatua kutoka WFP hayakutupa ulinganisho wa mwenye kula na asiyekula, kwa kuwa watoto waliendelea kulishwa na kilichobadilika ni mlipaji na njia ya ugavi.

Ulinganisho safi ulifanyika Busia na Teso mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao ulihusu chekechea. Shule 50 ziligawanywa kwa bahati nasibu, 25 zikapewa uji wa asubuhi na 25 hazikupewa. Mahudhurio yalikuwa karibu asilimia 36 katika shule zenye uji dhidi ya asilimia 27 katika zisizo nao. Kama jina la tatizo ni mahudhurio, sera imefaulu. Lakini alama za mitihani zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa ameandaliwa vizuri tangu mwanzo. Kwingine hakukuwa na faida ya kujifunza, na uji wenyewe ulikula sehemu ya muda wa kufundisha. Shule zenye uji zilipandisha ada pia, kwa kuwa zilikuwa zimepata mvuto. Nausisitiza utafiti huu kwa wanafunzi wangu kwa sababu unaonyesha matokeo matatu tofauti kutoka sufuria moja, na asiyeamua mapema anapima lipi atachagua baadaye lile linalompendeza.

Wewe huna uwezo wa kupiga bahati nasibu, lakini una kitu ambacho mtathmini wa kigeni hana, yaani rejista za shule unazoweza kuzisoma kwa utulivu. Chagua shule chache za zoni moja Kitui. Katika kila shule linganisha mahudhurio ya siku ambazo jiko liliwaka na siku ambazo halikuwaka, ndani ya muhula mmoja na darasa moja, ili umaskini wa mahali ubaki ule ule pande zote mbili. Jihadhari na mambo mawili. Siku bila chakula huwa nyingi mwanzoni mwa muhula, na mwanzoni mwa muhula mahudhurio huwa hafifu hata bila sababu ya chakula, kwa hiyo tafuta muhula ambao chakula kilikatika katikati. Pia shule inayopika huvuta watoto wa shule jirani. Ukipima shule moja utaona ongezeko kubwa, lakini ukijumlisha zoni nzima unaweza kukuta watoto ni wale wale, wamehama tu. Kwa hiyo hesabu zoni yote.

Upande wa lishe usijiingize kwa kupima urefu wa watoto katika muhula mmoja. Udumavu hutokea zaidi miaka ya kwanza ya maisha, kabla mtoto hajavaa sare, na mlo mmoja wa mchana hauwezi kuonyesha mabadiliko ya urefu katika miezi mitatu. Upande wa mkulima, ile orodha ya washindi wa zabuni niliyoitaja itakupa jibu zaidi ya dodoso la kurasa kumi.

Kisha uliza tathmini ilifika kwa nani na lini. Hazina ya Taifa hutoa waraka wa bajeti kufikia Agosti 30, vikao vya sekta hufuata, Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30. Kiwango cha shilingi kwa mtoto, ambacho tumeona kinavunjika mahindi yakipanda, kinaweza kubadilishwa kwenye vikao vya sekta. Ripoti inayokamilika Mei, hata ikiwa na hesabu safi kiasi gani, inakuta makadirio yamekwisha kuwasilishwa, na shule yetu ya watoto 400 itafungua tena Januari kwa kiwango kile kile. Kwa hiyo, kando ya kila ripoti ya tathmini utakayoipata, andika mwezi iliotolewa, kisha fungua bajeti ya mwaka uliofuata uone kama fungu lilibadilika.